Vidoti kwenye mchoro wa ua la kroshia

"Raundi ya pili nachoma sindano wapi, juu ya dabo au kwenye tundu? Na kile kidoti cheusi mwishoni ni nini?"

Dada, angalia mguu wa ile T yenye mkato, alama ya dabo. Ukisimama juu ya kichwa cha T ya chini, unachoma kichwani. Ukiishia kwenye upinde wa vile viduara vya mayai, yaani cheni, unapitisha sindano chini ya upinde wote, tunduni. Ila mguu ukigusa kiduara kimoja hasa, choma cheni hiyohiyo.

Kidoti ni slipu, ya kuungia. Chukua ua lenye raundi ya kwanza ya dabo 8 zilizotenganishwa na cheni 2. Unaanza na cheni 5: 3 zinasimama badala ya dabo, 2 ni tundu. Ukimaliza, slipu inaingia cheni ya 3 kutoka chini. Mimi zamani nilikuwa naichoma ya 5, basi tundu la kwanza linapotea na la mwisho linapanuka. Nikamlaumu muuza uzi bure!

Sasa uko juu ya nguzo, si tunduni. Ndiyo maana mchoro huweka kidoti kingine ndani ya tundu: slipu ya kusogea. Kisha cheni 3, dabo 2 humohumo, cheni 1, halafu dabo 3 kila tundu, na cheni 1 baada ya kila fungu. Hesabu mafungu: yawe 8.

Kama unatumia mkono wa kulia, soma kinyume cha saa.