Usiache mtu akufungie waya daireki kwenye klima

"Wazee, mimi ni shofere wa bisi kubwa Lubumbashi–Kolwezi. Jana klima ilikufa kiisha kupita Likasi, vioo havifunguki, abiria makelele mpaka mwisho. Fundi anasema gesi imepunguka kidogo tu, kesho asubuhi atafunga waya mbili pamoja klima iwake, gesi tutaweka wiki ijayo. Ni sawa? Gesi ni bei gani siku hizi? Na abiria wakidai franga zao nifanye nini?"

Hapana. Ndugu yangu, hapana. Nimesoma nikaacha chakula mezani, sababu hayo maneno ya kufunga waya mbili pamoja njo yaleyale niliambiwa ku Fungurume mwezi wa kumi 2019, na mimi nikasema haya fanya tuende.

Bisi yangu ilikuwa ya viti 49, vioo vya kufungwa kama yako, motere nyuma, klima juu ya paa. Tulitoka Lubumbashi saa tatu asubuhi, imejaa. Mwezi wa kumi unaujua, mvua haijaanza, jua linapiga paa mpaka ukiweka mkono juu ya mabati unautoa mbio. Mbele ya kutoka nilifungua nyuma kuangalia mafuta ya motere, nikaona kwenye bomba moja, pale linapoingia kwenye kompresere, kuko mafuta kidogo yameshikana na vumbi, fasi kama ya kiganja. Nikachukua kitambaa, nikapangusa, nikafunga. Nilipangusa! Ile alama njo ilikuwa inaniambia kila kitu na mimi niliifuta kama uchafu.

Nitakueleza, maana hapa njo penye shida yote. Gesi ya klima haibebi baridi peke yake. Inabeba na mafuta ya kompresere, inazunguka nayo mule ndani, inakwenda na kurudi. Gesi ikitoka kwenye tundu inatoka na mafuta kidogo, vumbi linashika, unaona ile fasi nyeusi yenye unyevu. Kwa hiyo ukiona mafuta kwenye maungio ya bomba ujue gesi inatoka hapo. Na gesi ikipunguka sana, mafuta nayo hayarudi vizuri, kompresere inazunguka chuma kwa chuma. Njo sababu wenye kutengeneza waliweka kile kitu kidogo kwenye bomba, kina waya mbili, wengine wanakiita presostati. Kazi yake ni kupima presha ya gesi. Gesi ikiwa haitoshi kinakata umeme wa ile sahani ya mbele ya kompresere inayoshikana na puli, kompresere inasimama, puli inabaki kuzunguka bure. Unaona klima imekufa, kumbe imejilinda.

Sasa yule anayekwambia funga waya mbili pamoja, anakwambia ondoa mlinzi mlangoni maana anatusumbua.

Basi, njiani. Kama kilomita 30 kiisha kupita Likasi, hewa ikaanza kutoka ya vuguvugu, kiisha ya moto kabisa. Vipepeo vya ndani vinapuliza vizuri lakini vinapuliza moto. Watoto wakaanza kulia, mama moja nyuma ananiita "shofere, unatupika!", mzee moja amevua koti na kofia na bado anatoka jasho kama amenyeshewa. Nikapiga simu kwa patro. Patro akasema usirudishie mtu hata franga moja, tafuta fundi Fungurume, fika Kolwezi. Hakuuliza watu wako namna gani.

Fungurume nikapata kijana kando ya barabara ana mitungi ya gesi na funguo mbili tatu. Hana manometa ya kupimia. Hakuangalia maungio hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile waya, akaitoa, akachukua kipande cha waya akaunganisha pande mbili, akaniambia washa. Tukasikia "tak", kompresere ikashika. Kiisha dakika chache hewa ikapoa kidogo, abiria wakapiga mikono, mimi nikamlipa na nikamshukuru. Mpaka leo nikikumbuka nilimshukuru nasikia hasira. Mtu anachukua pesa yako kwa kukuvunjia gari, anaosha mikono, anakaa tena kwenye kiti chake anangojea mwingine. Na ukirudi kumwuliza anasema gari lilikuwa limezeeka.

Tulienda kama kilomita 40. Motere iko nyuma, mbele husikii kitu, unasikia redio na watu. Kitu cha kwanza nilichoona ni taa ya batri nyekundu. Nikajiambia aa, ni altaneta, tutaangalia Kolwezi. Hilo lilikuwa kosa la pili na ni bei kuliko la kwanza. Kule nyuma kompresere ilikuwa imekauka ikakamata, haizunguki tena, na sababu waya iko daireki hakuna kitu cha kuikata, puli nayo ikakwama na kurua ikateleza juu yake mpaka ikaungua ikachanika vipande. Kipande kikaingia kwenye kurua ya jirani, ile inayozungusha altaneta na pompu ya mayi, ikatoka yote. Kwa hiyo taa ya batri haikuwa inasema batri. Ilikuwa inasema kurua imekwenda na mayi ya motere hayazunguki tena. Ukiona taa ya batri na mshale wa joto unapanda pamoja, simama hapohapo, usitafute hata kivuli. Mimi mshale sikuangalia, nilikuwa nagombana na abiria kwenye kioo. Nilikuja kuuona uko mwisho kwenye nyekundu, na nyuma moshi.

Tukashuka wote. Nilikuwa na bidoni ya lita 20 ya mayi ya kunywa. Msaidizi wangu, mtoto mzuri, alikuwa anataka kusaidia, akaimwaga kwenye radiateri motere ikiwa bado inachemka. Mayi baridi kwenye chuma cha moto namna ile, kichwa cha motere kikapasuka. Na mbaya zaidi, watu 49 na watoto wakabaki kando ya barabara bila mayi ya kunywa, saa nane mchana, malori ya madini yanapita yanatumwagia vumbi. Yule mzee wa koti akakaa chini, akaacha kusema, ngozi yake moto na anajibu vitu vingine. Mama moja muuza mboga alikuwa na kopo la mayi ya kunawa, tukamlowanisha shingo na makwapa, tukampepea chini ya mti mpaka akarudi. Kama hakungekuwa na yule mama sijui ningesema nini kwa familia yake. Hiyo njo inanirudia usiku, siyo motere.

Motere nayo nitaisema maana patro aliniweka deni. Kichwa cha motere, kurua zote, altaneta iligongwa, na kompresere. Na kompresere ikikamata haifi peke yake, inakata chuma kuwa unga, ule unga unakwenda kwenye mabomba yote mpaka juu ya paa. Ukiweka kompresere mpya bila kuosha mabomba na kubadilisha filta ya kukausha na ile vali ndogo ya kupitishia gesi, mpya nayo inakufa. Tulijua hiyo kiisha kuua ya pili. Jumla ilipita dola elfu tatu, nilikatwa mshahara mwaka moja na nusu. Bomba lenye tundu lenyewe? Oringi moja ya mpira kwenye maungio. Ya bei ya soda.

Sasa wewe kesho, mbele ya huyo fundi kugusa kitu, fanya hivi. Bisi isimame, motere inazunguka polepole, mtu moja abonyeze klima, wewe uko nyuma na tochi, mikono na nguo mbali na kurua. Angalia uso wa kompresere katikati ya puli. Kama puli inazunguka na katikati imesimama, kompresere haikushika. Kiisha zima motere, tafuta ile fasi yenye mafuta na vumbi kwenye maungio yote ya mabomba, hasa karibu na motere maana pale panatetemeka. Ukiipata, usipanguse! Piga picha, mwoneshe fundi mwenye manometa, na hapo njo pa kutengeneza, kiisha wavute hewa yote kwa pompu, kiisha gesi. Kuongeza gesi juu ya tundu ni kununua gesi ya barabara.

Ila niulize kitu kimoja: jana klima ilipokufa, uliposimama nusu saa ikarudi kidogo ao haikurudi kabisa? Kama inarudi ikipumzika kiisha inakata tena, inaweza kuwa siyo gesi, ni presha imepanda sana sababu kondensa ya paa imejaa vumbi ao vipepeo vyake vimesimama. Hiyo unaosha kwa mayi ya taratibu na unaangalia fyuzi. Hapo pia waya ya daireki ni hatari, maana inaruka pia ulinzi unaokata presha ikizidi, presha inaweza kupanda mpaka bomba lipasuke.

Na ukiwa tayari uko njiani imekufa: zima kitufe cha klima, acha vipepeo tu, fungua trapi za juu ya paa ya mbele na ya nyuma, bisi ikitembea hewa inapita. Moto watasikia, lakini watafika. Mayi ya kunywa yasiguswe na motere. Usisimame juani na watu ndani hata dakika kumi, vioo vile vinafanya oveni.

Kabla ya kuweka bisi barabarani kesho, nitumie picha ya nyuma, nataka kuona kama kompresere yako ina kurua yake peke yake ao inashiriki na pompu ya mayi. Kama ni yake peke yake, unaweza kuitoa kabisa ukaenda bila klima salama. Kama inashiriki, usiitoe, na usikilize ile puli ikiwa motere inazunguka: ikisaga kama mchanga, beringi yake inakufa, bisi isitoke hata klima ikiwa imezimwa. Niko hapa mpaka saa tano usiku, tuma.