Fataki Juu ya Kivukoni: Namna ya Kuufanya Mji na Maji Vipokee Mwanga

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama upande wa Kigamboni, karibu na gati la pantoni, nikapiga picha ya Dar es Salaam usiku ng'ambo ya mkondo. Nilipofika nyumbani niliongeza angani fataki nilizokuwa nimezipiga siku nyingine mahali pengine, na kazi ikanipendeza sana. Nikamwonyesha mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyepata kuendesha studio ya picha kwa miaka mingi. Aliitazama kwa utulivu, kisha akasema, "Mwanangu, fataki zako zinawaka, lakini mji umelala." Kuta zilikuwa nyeusi kama usiku wowote mwingine, na maji hayakuwa na hata doa la rangi. Tangu siku hiyo nimelichukulia suala la mwanga unaomwagika kuwa ndiyo kazi yenyewe, kwa maana kubandika fataki angani huchukua dakika tano tu.

Kubandika kwenyewe ni rahisi. Katika programu ya kuhariri picha, picha ya fataki huwekwa katika tabaka la juu, na namna ya kuchanganya hubadilishwa kuwa `Screen`, ili weusi wa anga lake upotee na mwanga ubaki. Ukiona pembe za mstatili wa kijivu angani, ujue kwamba anga la picha hiyo halikuwa jeusi kamili. Fungua `Levels` na usogeze alama ya weusi kuelekea kulia mpaka pembe zipotee.

Kabla ya kugusa jengo lolote, amua fataki zimepasukia wapi kwa kina: mbele ya mji au nyuma yake. Wengi huliruka swali hili, na ndilo linaloamua kila kitu. Zikiwa nyuma ya majengo, kuta zinazotutazama hazipati mwanga wowote wa moja kwa moja. Majengo yatasimama kama maumbo meusi mbele ya moshi unaong'aa, nayo yatazikata fataki kwa chini. Zikiwa mbele, juu ya mkondo, hakuna jengo linaloruhusiwa kuzikata, na kuta zote zinazotazama maji zinapaswa kuwaka. Nimeona picha nyingi ambazo fataki zimefichwa na jengo na wakati huohuo zinaliangaza jengo hilo usoni, jambo ambalo haliwezekani. Katika picha niliyoirudia nilichagua kuziweka mbele, juu ya maji.

Mwanzoni nilijaribu kuziangaza kuta kwa kupaka rangi nyekundu kwa brashi laini, lakini matokeo yalifanana na ukungu uliotanda mbele ya jengo badala ya mwanga uliofika ukutani. Sababu yake ni kwamba ukuta haupokei rangi kama turubai. Huurudisha mwanga kulingana na rangi yake wenyewe, na sehemu zake zilizoingia ndani hupata mwanga kidogo kuliko zilizotokeza. Tabaka la rangi tupu halina habari hiyo. Hata kuiongezea mwanga picha ya usiku hakusaidii sana, kwa kuwa katika weusi ule mna chembechembe tu za kelele za kamera.

Dawa niliyoipata ni kupiga picha mbili bila kuisogeza tripodi. Ya kwanza huipiga jua likishazama na kabla taa za mji hazijatawala, nayo ya pili huipiga usiku ukiwa umeingia. Picha ile ya kwanza ina kila dirisha, kila nguzo na kila kigae, chini ya mwanga laini wa anga usio na vivuli vikali. Kwa kuwa mwanga wa saa hiyo ni wa bluu, kwanza hurekebisha rangi mpaka kuta nyeupe za kanisa la Azania Front ziwe nyeupe kweli; usipofanya hivyo, nyekundu ya fataki itakutana na bluu na kugeuka giza. Kisha huiweka picha hiyo katika kundi la matabaka pamoja na tabaka la rangi ya fataki lililo juu yake katika `Multiply`, namna inayozidisha rangi za matabaka mawili, na kundi zima nikaligeuza kuwa `Screen` juu ya picha ya usiku. Maski huficha anga na maji na kuacha majengo peke yake.

Tazama kinachotokea hapo. Kuta nyeupe za kanisa hupokea rangi ya fataki kikamilifu. Vigae vyake vyekundu huwaka chini ya fataki nyekundu, ilhali chini ya fataki za kijani hubaki karibu vyeusi, kama ambavyo vingekuwa kweli. Taa zilizokwisha kuwaka madirishani hazififii, kwa sababu mwanga huongeza tu na haupunguzi.

Kiasi cha mwanga hutegemea umbali. Jengo lililo mbali mara mbili hupata robo ya mwanga, wala si nusu. Nilikadiria fataki zangu kuwa mita 300 kutoka kanisani, na jengo refu la Mamlaka ya Bandari kuwa mbali takribani mara mbili ya hapo, hivyo nikalipunguzia mwanga mpaka robo. Jengo hilo pia lina vioo vingi, na kioo hakitawanyi rangi kama chokaa, hurudisha taswira. Humo niliweka vipande vidogo vilivyokatikakatika vya fataki zenyewe, nikaacha sehemu nyingine za vioo bila kitu.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba kamera iliyofunguliwa kwa sekunde kadhaa hujumlisha milipuko yote. Nyekundu na kijani zikipasuka katika muda huohuo, ukuta utaelekea njano, kwa hiyo kuuchora nusu nyekundu na nusu kijani ni kosa. Fataki za bluu, zinazotokana na shaba, kwa kawaida huwa hafifu, na ukuta wenye bluu kali hushukiwa mara moja. Kipimo changu cha mwisho kwa kuta ni taa za barabarani: ukuta ukianza kuzishinda kwa mng'ao, napunguza.

Maji yalinisumbua zaidi. Hugeuza nakala ya fataki juu chini kwa kufuata mstari ambapo maji yanakutana na mji, na urefu wa kwenda chini huwa sawa na ule wa kwenda juu. Fataki zikiwa juu sana, kiini cha taswira yake huangukia nje ya picha. Wengine huibana ili iingie, na hapo jicho hukataa. Mimi huiacha itoke, kisha huinyoosha kwa `Motion Blur` ya nyuzi 90, ili rangi ipande kama mchirizi juu ya mawimbi madogo. Urefu wa mchirizi huo huupima kwa michirizi ya taa za mji iliyokwisha kuwamo majini, kwa kuwa ni maji yaleyale. Karibu na miguu ya mpiga picha hufifisha zaidi, kwa sababu maji yanayotazamwa kutoka juu hurudisha mwanga kidogo kuliko yanayotazamwa kwa mlalo.

Ilibaki pantoni, iliyokuwa katikati ya mkondo. Niliikata kwa maski ili mchirizi usipite juu ya ubavu wake, kisha nikaupa ubavu huo mwanga wa nyekundu upande uliozielekea fataki peke yake, na upande wa pili nikauacha gizani.