Kikao na wenzetu wa Seattle: zamu ya nani kukesha?

"Kila Jumanne saa 2 usiku tuko kikaoni, kwao ni saa 4 asubuhi. Tufanyeje tugawane haki?"

Badilisheni zamu kila mwezi. Mkibadilisha kila wiki, watu husahau. Nimeyaona hapa Dodoma. Mwezi wenu unabaki kama ulivyo. Mwezi wao, kikao kianze saa 1 asubuhi kwetu. Kwao ni saa 3 usiku wa Jumatatu, kwa hiyo kwenye kalenda waandikie Jumatatu. Kwa upande wetu andika 07:00: kuna mwenzangu alisoma "saa 1" akaja saa 7 mchana.

Kuna ndugu anayependekeza kikao kiwe saa 12 jioni kwetu siku zote; yuko sahihi nusu. Kwao ni saa 2 asubuhi, wengi wanapeleka watoto shule, na jioni inayoliwa inabaki yetu daima.

Novemba wao hurudisha saa nyuma, sisi hatubadilishi. Tofauti ya saa 10 inakuwa 11 hadi Machi. Kalenda ikifuata saa za Seattle, kikao chenu cha saa 2 usiku kitasogea hadi saa 3. Nani aibebe saa hiyo? Kwetu bado tunabishana.