Ada ya usimamizi kati ya kampuni mbili za ndugu: karatasi zipo, lakini ni nini kilichotendeka?

Swali: Wadau, mteja wangu ana kampuni mbili hapa Nairobi, moja ina faida na nyingine imebeba hasara. Ile ya faida iliilipa mwenzake ada ya usimamizi. Mkataba upo, ankara za eTIMS zipo, kodi ya zuio imelipwa. Wakaguzi wa KRA wanasema watatazama kiini, si umbo, na kwamba ada inaweza kukataliwa. Mkataba halali unawezaje kupuuzwa?

Jibu:

Unaweza kupuuzwa, hata pale ambapo hakuna karatasi yenye kasoro. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa hesabu za kampuni za kifamilia hapa mjini na kuketi na wakaguzi pamoja na wateja. Ninachokiona mara kwa mara ni mteja kutetea hati ambazo hakuna aliyezikana. Mkaguzi amekubali kwamba mkataba upo na saini ni za kweli. Anachotaka kujua ni nini kilitendeka baada ya saini, na kwa nini.

Kwa kuwa sijaona faili la mteja wako, nitatumia mfano niliobuni mwenyewe. Chukua kampuni ya maboksi iliyoko Eneo la Viwanda, na kampuni ya malori iliyoko Barabara ya Mombasa. Wenye hisa ni mume na mke wale wale. Maboksi inaelekea kufunga mwaka ikiwa na faida ya shilingi milioni 40, na kwa kiwango cha 30% kodi yake ni milioni 12. Malori imebeba hasara ya milioni 36 ambayo sheria bado inairuhusu kuitumia, na karibu magari yake yote yameshauzwa.

Mwezi Novemba, faida ya mwaka ikiwa imeanza kuonekana, wakurugenzi wanatia saini mkataba wa huduma za usimamizi na ushauri za mwaka mzima. Ada ni milioni 36. Maboksi inakata 5% ya kodi ya zuio, yaani milioni 1.8, na kuilipa serikalini. Milioni 34.2 zinaingia kwenye akaunti ya Malori. VAT inatozwa na kulipwa ipasavyo. Malori inailipa, Maboksi inaidai, na mwisho wa hesabu hakuna aliyenufaika nayo. Siku nne baadaye Malori inaikopesha Maboksi milioni 34, bila riba, bila dhamana, bila tarehe ya kurudisha.

Matokeo yake, faida ya Maboksi imeshuka hadi milioni 4 na kodi yake ni milioni 1.2. Mapato ya Malori yamemezwa na hasara, kwa hiyo haina kodi ya kulipa, na ile kodi ya zuio inaihesabu kama imeshalipa na kuidai. Kodi iliyopungua ni milioni 10.8. Pesa zenyewe zimerudi zilikotoka. Hakuna ankara ya uongo wala mapato yaliyofichwa, ndiyo maana jambo hili haliitwi udanganyifu. Ni kuepuka kodi kwa mpango uliowekwa wazi, na sheria ina kifungu chake kwa hali ya aina hiyo.

Kifungu hicho ni cha 23 cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Kinampa Kamishna uwezo pale anapoona kwamba kusudi kuu la muamala, au mojawapo ya makusudi yake makuu, lilikuwa kuepuka au kupunguza kodi. Anaweza pia kutazama manufaa: ikiwa manufaa makuu yaliyotarajiwa katika miaka mitatu baada ya muamala ni kupungua kwa kodi, inatosha. Hapo anaweza kuagiza marekebisho ya kodi, mradi aone kwamba ni haki na yanafaa.

Soma tena maneno "mojawapo ya makusudi makuu". Wateja wengi hudhani wakitaja sababu moja ya kibiashara wameokoka. Hapana. Sababu ya biashara inaweza kuwepo kweli, na kodi ikawa kusudi kuu la pili lililokaa kando yake. Linganisha na kifungu cha 66 cha Sheria ya VAT ya mwaka 2013, ambacho nacho kinaagiza kiini cha mpango kitazamwe, lakini kinataka faida ya kodi iwe kusudi pekee au lililotawala. Kizingiti cha kodi ya mapato kiko chini zaidi, na hilo linafaa kumtia mtu tahadhari kabla hajatia saini.

Mawakili wetu bado hunukuu kesi ya Duke wa Westminster ya mwaka 1936 kule Uingereza. Yule Duke aliwalipa wafanyakazi wake, mtunza bustani akiwemo, kwa hati ya ahadi ya malipo ya kila mwaka badala ya mshahara, na majaji wakakubali umbo la hati hiyo. Kanuni iliyobaki ni kwamba mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili alipe kodi ndogo. Ni kanuni njema na mimi huitetea. Lakini mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Ramsay mwaka 1981, ilisema hatua zilizopangwa kuwa mlolongo mmoja zitazamwe kwa pamoja, si hatua moja moja. Ukitazama ada peke yake, ni gharama. Ukitazama mkopo peke yake, ni mkopo. Ukiviunganisha, Maboksi imelipa kwa mkono huu na kupokea kwa ule.

Mkaguzi hugunduaje? Katika mfano wangu ataanza na kiasi. Ada imelingana na hasara hadi shilingi ya mwisho, na huduma halisi hazipimwi kwa kutazama hasara ya anayezitoa. Kisha ataomba taarifa za benki za kampuni zote mbili za kipindi kimoja na kuziweka sambamba. Hapo mzunguko wa pesa unaonekana bila mtu kuulizwa chochote. Mwisho ataomba orodha ya mishahara ya Malori, ili ajue ni nani hasa aliyefanya ushauri wa milioni 36. Ankara ya eTIMS inahitajika, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo nayo kwa kawaida haikubaliwi, ila inathibitisha tu kwamba ankara ilitolewa. Haithibitishi kwamba kazi ilifanyika.

Sasa tuifanye picha iwe ngumu kidogo, kwa sababu kesi halisi huwa hivyo. Tuseme Malori bado inamwajiri meneja wa usafirishaji na makarani wawili, na hao ndio hupanga safari zote za kupeleka maboksi kwa wateja wa Thika na Nakuru. Mishahara na gharama zao kwa mwaka ni milioni 5.5. Ukiongeza faida ya kiasi, mtu baki angetoza kama milioni 6. Hiyo ni huduma halisi, na kule kuwa Malori ina hasara ya kuimeza hakuifanyi iwe batili. Kinachobaki bila maelezo ni milioni 30. Kodi yake ni milioni 9.

Hapa ndipo ningeomba wenzangu wa taaluma wawe makini, kwa sababu msingi wa kisheria wa kukataa hizo milioni 30 unabadilisha bili. Mkaguzi anaweza kutumia kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kanuni ya kawaida inayokubali gharama zilizotumika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato tu. Akisema milioni 30 hazikununua kitu, kodi ni milioni 9, adhabu ya kuchelewa ya 5% ni 450,000, na riba ni 1% kwa kila mwezi. Akitumia kifungu cha 23, kinaingia kifungu cha 85 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015: adhabu ya mara mbili ya kodi iliyoepukwa. Hiyo ni milioni 18 juu ya zile 9. Ukweli ni ule ule, lakini mteja anaweza kuifunga kampuni kwa sababu ya tofauti hiyo.

Kwa hiyo barua ya makadirio ikija, tafuta kwanza namba ya kifungu. Msimamo wangu ni kwamba kanuni ya jumla kama kifungu cha 23 ni ya mwisho kutumiwa. Kama kanuni ya kawaida inatosha kukataa gharama, hakuna muamala uliobaki wa kuupangua kwa kifungu cha 23, na adhabu ya mara mbili haina mahali pa kukaa. Kifungu cha 23 kina kazi pale ambapo gharama ingepita chini ya kanuni zote za kawaida na bado kusudi lake ni kodi. Andika hoja hiyo waziwazi kwenye pingamizi. Usitarajie Jopo la Rufaa za Ushuru likutafutie.

Hoja ya pili ambayo watu huisahau ni upande wa Malori. Milioni 30 zikiondolewa kwenye gharama za Maboksi, basi hazikuwa mapato halisi ya Malori, na hasara iliyotumika kuzimeza inapaswa kurudi. Bila hivyo familia inatozwa kodi upande mmoja na kunyang'anywa hasara upande wa pili kwa muamala unaosemekana haukuwepo. Maneno "haki na yanafaa" ndiyo ninayoyashika hapo. Idai hoja hiyo katika pingamizi lenyewe, na uambatishe jedwali la hasara kabla na baada ya marekebisho.

Mzigo wa ushahidi ni wa mlipa kodi. Nyaraka zinazosaidia ni zile zilizotokea kazi ikiendelea: ratiba za safari, barua pepe kati ya meneja na bohari, malipo ya NSSF ya makarani wale, na karatasi inayoonyesha jinsi bei ilivyofikiwa kabla ya mwaka kwisha. Kumbukumbu za mkutano wa bodi zilizoandikwa baada ya ukaguzi kuanza huharibu kuliko zinavyosaidia. Kuhusu mkopo, kama una riba, ratiba ya kulipa, na malipo yaliyokwisha kuanza, leta hivyo. Kama hauna, usijaribu kuuvisha sasa.

Pingamizi linawekwa ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi. Ili liwe halali lieleze sababu kwa usahihi, lionyeshe marekebisho unayotaka, na kodi isiyobishaniwa iwe imelipwa au mmekubaliana na KRA namna ya kuilipa. Ukikataliwa, una siku nyingine 30 za kwenda kwenye Jopo. Mteja wako akituma hapa kiasi cha ada, mishahara ya kampuni yenye hasara na mwendo wa pesa kwa tarehe (ondoa majina), nitaweza kukuambia ni sehemu gani ya ada ningeitetea na ipi ningeikubali mapema.