Usikariri samari ya "kila hatua na nadharia yake"

"Wakuu nina pepa ya ualimu wiki ijayo. Kuna samari nimeipata kwenye grupu, imeweka nadharia moja kwa kila hatua ya andalio: utangulizi Pavlov, maarifa mapya Piaget, kuimarisha Skinner, tafakuri Vygotsky, hitimisho Bandura. Nikiikariri hiyo pamoja na mifano yake inatosha? Pia mwenye pepa za nyuma anisaidie, na nianze kusoma mada ipi?"

Dogo, futa hiyo samari sasa hivi. Naijua, inazunguka kwenye magrupu ya wasapu miaka yote, inabadilishwa rangi ya jalada tu inauzwa tena. Na mimi niliinunua, nikaimeza yote, nikarudia pepa. Aliyetuuzia alikuwa anatuambia msahihishaji anatafuta majina, ukiweka jina sahihi kwenye hatua sahihi maksi zako hizo. Hakuna jambo kama hilo! Nadharia haikai kwenye hatua. Nadharia inakuambia mtoto anajifunzaje, hatua zinakuambia kipindi kinakwendaje, sasa ukivifunga hivyo viwili pamoja swali likigeuzwa kidogo tu umekwisha. Sisi tulipewa mada tukaambiwa tuonyeshe nadharia ya Piaget inavyoongoza kipindi kizima, mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyekariri kwamba Piaget yuko maarifa mapya, anaandika nini kwenye zile hatua nne zilizobaki?

Chukua mada ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kipindi cha dakika 40. Swali ni 1/2 + 1/3. Ukiingia darasani utakuta watoto wengi wanaandika 2/5, wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Huo sio uzembe. Mtoto ana namna ya kujumlisha aliyoizoea kwenye namba nzima na inamfanyia kazi kila siku, kwa hiyo anaichukua vilevile anaileta kwenye sehemu. Hapo ndipo Piaget anapoanzia: kitu kipya mtoto anakipokea kwa kile alichonacho kichwani, na atabadilisha alichonacho pale tu kinapogoma.

Basi kazi yako kwenye utangulizi, dakika 5, ni kukigomesha. Usimwambie amekosea. Mpe 1/2 + 1/2 afanye kwa njia yake hiyohiyo, atapata 2/4. Halafu mpe nusu mbili za karatasi aziunganishe, anaona imetimia karatasi nzima, wakati 2/4 ni nusu tu. Utamwona anaganda. Umeona, Piaget tayari yuko kwenye utangulizi, ambako samari yako imemweka Pavlov na kengele yake, eti kwa sababu watoto wakisikia "hamjambo" wanasimama.

Maarifa mapya, dakika 15, unawapa vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja wanakikunja mafungu mawili sawa, kingine mafungu matatu sawa. Unawauliza, mtavijumlishaje wakati vipande havilingani? Waache wahangaike kidogo, mwisho wanafika kwenye kukunja vyote mafungu 6, nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, jumla 5/6. Baada ya hapo wachore, halafu ndio uandike namba ubaoni na kuwatajia kigawe kidogo cha shirika. Walimu wengi wanaanza na KDS ubaoni dakika ya kwanza, mtoto anapata 5/6 na hajui kwa nini. Ukitaka kumjua huyo, muulize 5/6 ni kubwa au ndogo kuliko kitu kizima, au mpe 1/2 + 1/4 akipata 6/8 muulize kama ni sawa na 3/4. Atabaki anakuangalia.

Kuimarisha, dakika 10, Piaget bado yupo: unampa swali ambalo lile kosa la zamani linaweza kurudi, mfano 2/3 + 1/4, uone kama kweli amebadilika au alinakili. Tafakuri, dakika 5, anaeleza mwenyewe kwa nini 2/5 haiwezekani. Hitimisho, dakika 5, unakusanya hoja na kutoa zoezi. Kipindi kizima, nadharia moja.

Sasa kipindi hichohicho mpe Vygotsky, kitabadilika. Hapo jicho lako liko kwenye kile ambacho mtoto hawezi peke yake ila akisaidiwa anaweza. Kuna anayekunja vizuri akiambiwa mafungu 6, lakini hiyo 6 hawezi kuitafuta mwenyewe. Msaada wako unakaa hapohapo: mwanzo unakunja naye, swali linalofuata unamuuliza tu "mafungu mangapi yatazifaa zote mbili?", linalofuata unanyamaza. Msaada usipopungua hujafanya Vygotsky. Na tafadhali usiandike "wanafunzi wakae makundi ya sita" ukadhani umemaliza, maana mmoja ataandika na watano watachungulia dirishani. Andika nani anamsaidia nani, kwenye jambo gani.

Skinner naye wamemharibu vibaya. Wamemweka hatua ya kuimarisha kwa sababu jina linafanana na uimarishaji wake, basi. Kwa Skinner mwalimu anakata somo vipande vidogo na mtoto anajua papo hapo kama amepata, hatua zote. Kwenye jedwali la kuzidisha anafaa sana, kwenye hili la sehemu peke yake hatoshi, kwa sababu atamzawadia hata yule wa 5/6 asiyejua maana yake. Halafu ile samari inasema uimarishaji hasi ni kuchapa fimbo. SIO. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, unaongeza tabia. Hasi maana yake unaondoa kitu asichokipenda: atakayepata maswali yote manne darasani hana kazi ya nyumbani leo. Fimbo ni adhabu, lengo lake ni kupunguza tabia. Kosa hili peke yake linakula maksi kila mwaka na watu wanalipa hela kulisoma!

Kwa hiyo ukishika kalamu, kabla ya jina la mtu yeyote jaza safu mbili, vitendo vya mwalimu na vitendo vya mwanafunzi. Kisha ziba jina la nadharia kwa kidole. Msahihishaji akisoma vitendo peke yake angejua ni nani? Kama "mwalimu ataeleza, mwanafunzi atasikiliza" ndiyo imejaa hatua zote tano, hata uandike Vygotsky mara kumi haikusaidii.

Na usiache tathmini mwisho wa andalio ukaandika "somo limeeleweka vizuri". Ukiandika andalio la mfano, weka kitu kama hiki: wanafunzi 31 kati ya 45 wamepata angalau maswali 3 kati ya 4, 14 waliobaki bado wanajumlisha asili, kipindi kijacho waanze na vipande vya karatasi kabla ya namba.