Mwavuli, Poncho au Jaketi? Maswali ya Wanaosafiri Kwenye Mvua

Natembea dakika 20 hadi kituoni, kisha napanda basi linalojaa hadi mlangoni. Nibebe mwavuli au nivae jaketi?

Kama njia yako haina upepo mkali, beba mwavuli mfupi unaokunjwa. Anayetembea chini ya mwavuli hupigwa na hewa mwili mzima, kwa hiyo hafiki ametota jasho, na kinacholowa kwa kawaida ni viatu na suruali kuanzia magotini kwenda chini. Taabu huanza mlangoni mwa basi, kwa kuwa mkono mmoja unashika bomba, mwingine unatafuta nauli, na mwavuli unamchuruzikia jirani viatuni. Kabla ya kupanda, elekeza ncha yake chini, ufungue nusu na kuufunga mara mbili tatu ili maji yadondoke, kisha uutie kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika, ufungue ukauke, la sivyo vyuma vitashika kutu na kitambaa kitanuka uvundo.

Jaketi langu limeandikwa kwamba halipitishi maji, lakini nikifika kazini kwa baiskeli shati limelowa. Nimeuziwa bandia?

Huenda jaketi ni zima na maji hayo ni ya kwako mwenyewe. Mwendesha baiskeli hutoa jasho jingi kuliko mtembeaji, na mvuke wa jasho ukikutana na kitambaa kilichopozwa na mvua hugeuka matone upande wa ndani. Chunguza mahali palipolowa. Ukikuta unyevu umeenea mgongoni, kwapani na kwenye viwiko, huku ndani ya jaketi kukiwa na utelezi wa maji kila mahali, hilo ni jasho. Ukikuta mstari au doa linalofuata mshono wa bega, zipu au shingo, hapo mvua imepenya.

Ukiwa bado na shaka, livue jaketi, tandaza karatasi kavu ya chooni ndani ya bega, kisha umimine maji polepole juu ya mshono kwa dakika 5. Karatasi ikibaki kavu, mshono hauna kosa. Ikilowa, geuza jaketi uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono kwa ndani, kwa sababu mara nyingi ndio unaoanza kubanduka, hasa mahali mikanda ya begi inaposugua.

Kuna hali ya tatu inayowadanganya wengi. Jaketi likiwa jipya, matone huviringika juu yake na kuanguka. Likichakaa au likichafuka, kitambaa cha nje hunywa maji na kuwa kizito. Maji hayo si lazima yapite, lakini huziba njia ya mvuke, nawe ukaloa kwa jasho ukidhani jaketi linavuja. Lifue kwa sabuni isiyo na kilainisha nguo, ulisuuze sana, na kama lebo inaruhusu, ulikaushe kwa joto la chini, kwani joto huamsha dawa ya kufukuza maji iliyopakwa nje. Matone yasiporudi kuviringika, itabidi upake dawa mpya. Barabarani, fungua zipu za kwapani ikiwa zipo, na upunguze nguo ya ndani. Ni afadhali uanze safari ukihisi baridi kidogo.

Je, poncho haitatatua tatizo hilo la jasho?

Kwa kiasi kikubwa itatatua, maana iko wazi chini na hewa inaingia. Hata hivyo, chagua iliyoshonwa kwa ajili ya baiskeli, yenye vitanzi vya vidole gumba vya kuishikilia juu ya usukani na mkanda wa ndani wa kuifunga kiunoni. Hapo hukaa kama hema dogo juu ya mapaja, na suruali hunusurika. Poncho ya kawaida hupeperuka, na pindo lake laweza kunaswa na gurudumu la nyuma au mnyororo. Hata ile nzuri hugeuka tanga upepo unapovuma kutoka ubavuni, na huifunika taa iliyo kwenye usukani, kwa hiyo ihamishie taa mahali pasipofunikwa. Kwenye njia ya upepo ningevaa jaketi na kuvumilia jasho.

Naweza kuendesha baiskeli nikiwa nimeshika mwavuli, kwa mwendo wa pole?

Hapana. Unabakiwa na breki moja wakati ambapo breki zinazobana ukingo wa gurudumu huchelewa kushika kwa sababu ya maji, na upepo ukiukamata mwavuli, usukani unafuata.

Na poncho ndani ya basi?

Ivue ukiwa bado chini ya kibanda cha kituo. Shika mabega, ikung'ute, ikunje upande uliolowa ukiwa ndani, kisha uiviringishe kuanzia kofia kwenda chini ili maji yatokee pindoni. Ukiivaa humo ndani, kila anayekupita ataondoka na maji yako.