Mapigo 98 ukiwa umekaa: acha hicho kidonge

"Natumia vidonge vya kupunguza mwili na nakula mlo mmoja kwa siku. Mapigo yalikuwa 72, sasa ni 98 nikiwa nimekaa tu. Muuzaji anasema ni mafuta yanayeyuka. Niendelee?"

Dada, cha kesho usimeze. Hayo maneno ya mafuta kuyeyuka hata mimi niliambiwa, na mama anayeuza vidonge hapa Kirumba, huku usiku moyo unanidunda mpaka nausikia kwenye mto. Alinidanganya bila kupepesa macho, na bado anauza.

Mtu anayejinyima chakula kwa kawaida mapigo yake hushuka, kwa sababu mwili unabana matumizi. Ukila kidogo halafu yakapanda, kuna kinachoyasukuma: dawa, upungufu wa maji au wa damu, homa, au tezi ya shingo. Mafuta hayahusiki.

Kopo langu liliandikwa "mitishamba asilia", viambato havikutajwa hata kimoja. Mapigo yakafika 112 nikiwa bado kitandani, na presha 160/100, mimi ambaye sikuwahi kuwa na presha. Daktari aliliulizia kopo kabla ya kitu kingine. Akanieleza kwamba vidonge vya aina hii vimekutwa mara nyingi vimetiwa sibutramini kwa siri. Hiyo ni dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti kuonyesha mshtuko wa moyo na kiharusi vikiongezeka kwa watu wenye maradhi ya moyo. Inapandisha mapigo na presha kwa pamoja. Vidonge vyangu havikupelekwa maabara, ila nilipoviacha mapigo yalirudi kwenye sabini na kitu.

Kwa hiyo pima asubuhi kabla hujashuka kitandani, vidole kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, na uandike. Usipime umetoka kupanda mawe ya Bugando ukashtuka bure. Yakizidi kawaida yako kwa mapigo 20 na kubaki hivyo siku kadhaa mfululizo, yakipita 100 umepumzika, yakiruka-ruka, au yakishuka chini ya 50 na kizunguzungu juu, muone daktari. Ukizimia, kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Wanaochoma semaglutidi, sindano ya kupunguza mwili, kwa maelekezo ya daktari, mapigo kupanda kidogo ni jambo linalojulikana. Wasiiache kimyakimya, yakipanda sana na yasishuke, wamwambie aliyewaandikia.

Kopo lako usilitupe, nenda nalo kesho asubuhi. Waombe wapime presha na umeme wa moyo. Na kama walikuuzia pamoja na ile chai ya kuharisha, sema wazi, wakupime pia potasiamu kwenye damu, maana kuharisha huko huimaliza mwilini na moyo ukapoteza mpangilio.